Kusimamisha wimbo ghafla kabla ya kiitikio cha mwisho: mwongozo kamili

Kuna wimbo niliufanyia kazi ambao kiitikio chake cha mwisho kilikuwa na kila kitu: ngoma zote, besi, vinanda viwili, waitikiaji watatu. Kiliingia, kikapita, na ukikisikiliza usingejua kama ni cha mwisho au cha pili. Mwimbaji akasema tuongeze tarumbeta. Tukaongeza, na hali ikabaki vilevile. Mwishowe tukaziondoa tarumbeta na tukafuta muziki wote uliokuwa kwenye mapigo matatu ya mwisho kabla ya kiitikio hicho. Kiitikio chenyewe hatukukigusa, na kiitikio kilekile kikawa kinakushtua kila kikija.

Mwongozo huu ni wa jambo hilo moja: wimbo kusimama ghafla, kimya kifupi, halafu kiitikio cha mwisho. Nitautumia wimbo huo kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo tuujue kidogo. Unakwenda kwa mapigo 96 kwa dakika, na kila baa ina mapigo manne. Una beti mbili, kila moja na kiitikio chake, kisha kipande cha daraja chenye baa nane, halafu kiitikio cha mwisho kinachorudiwa mara mbili. Daraja linaishia kwa mstari "Nilikungoja, nikakungoja, hukuja", na kiitikio kinaanza kwa "Sasa najua".

Kimya kinafanya kazi gani

Mtu akisikiliza wimbo wenye mdundo thabiti kwa dakika mbili au tatu, mwili wake unakuwa umeshaanza kuhesabu wenyewe. Muziki ukikatika ghafla, hesabu ile haikatiki. Kichwa kinaendelea: mbili, tatu, nne. Kwa hiyo ndani ya kimya msikilizaji ndiye anayepiga ngoma, na muziki unaporudi kwenye pigo la kwanza unamkuta anausubiri palepale.

Hapa kuna sharti ambalo watu wengi hulisahau. Kabla ya kimya lazima kuwe na kitu cha kuhesabu. Kama daraja lako ni kinanda kinachoelea bila mdundo, na mwimbaji anavuta maneno anavyotaka, ukisimamisha hapo msikilizaji hana hesabu ya kuendeleza. Atasikia pengo tu. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, sikiliza baa nne za mwisho za daraja lako na ujiulize kama mtu anaweza kugonga meza kwa kuzifuata. Kama hawezi, rudisha kitu chenye mdundo kwanza, hata kama ni hai-hati peke yake au gita linalokwaruzwa. Kimya ukishughulikie baadaye.

Hatua ya kwanza: pata urefu kwa sekunde

Watu wakizungumzia kimya hiki husema "pigo moja" au "baa nzima", lakini masikio yanahisi sekunde. Gawanya 60 kwa mapigo ya wimbo wako na utapata urefu wa pigo moja. Kwa mapigo 96, pigo moja ni sekunde 0.625, mawili ni sekunde 1.25, na baa nzima ni sekunde 2.5. Wimbo wa mapigo 128 kwa dakika una baa ya sekunde 1.875, ambayo ni sawasawa na mapigo matatu ya wimbo wangu. Wimbo wa mapigo 70 una baa ya karibu sekunde 3.4. Ndiyo maana ukisikia mahali baa nzima ya kimya imekaa vizuri kisha ukaiweka kwenye wimbo wako wa polepole, inaweza kukuharibia kabisa.

Kwa uzoefu wangu, kimya cha chini ya robo sekunde hakisikiki kama kimya. Kinasikika kama pigo lililokatwa kwa ukali, jambo zuri lenye matumizi yake, ila si hili tunalolitafuta hapa. Kati ya sekunde moja na mbili ndipo mtu anapata muda wa kutambua kwamba wimbo umesimama, na bado hesabu yake ya ndani haijapotea. Ukivuka sekunde mbili na nusu unaanza kucheza na hatari. Anayesikiliza kwenye simu ataitazama simu yake, na hapo umeshampoteza, maana badala ya kusubiri kiitikio anatafuta tatizo.

Tulianza kwa kujaribu baa nzima. Mwimbaji mwenyewe, aliyeutunga wimbo, alinyanyua kichwa akauliza kama faili limeishia pale. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Hatua ya pili: utakimega au utakiongeza?

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na wengi huufanya bila kujua kwamba wameufanya.

Njia ya kwanza ni kumega. Daraja lina baa nane, na unanyamazisha sehemu ya baa ya nane. Kiitikio kinaingia pale pale ambapo kingeingia hata kama usingefuta kitu. Msikilizaji anahesabu kimyakimya, na hesabu yake inatimia. Anachokipata ni utamu wa kukuta alichokitarajia, kikiwa na uzito zaidi kwa sababu kilitanguliwa na utupu.

Njia ya pili ni kuongeza. Daraja linamaliza baa zake nane kama kawaida, likiwa limejaa, na unapofika mwanzo wa baa ya tisa, pale ambapo kila mtu anajua kiitikio kinaangukia, hakuna kitu. Kimya kinakaa juu ya pigo la kwanza lenyewe. Kiitikio kinakuja mapigo mawili au manne baadaye. Hapa msikilizaji hapati alichokitarajia. Mguu wake unashuka na kukuta hakuna ngazi, kisha muziki unamdaka.

Njia hizi mbili zinatoa hisia tofauti kabisa. Kumega kunakusanya nguvu, na kuongeza kunashtua. Ukimega hakuna anayepotea, na hata watu wanaocheza wataendelea kucheza ndani ya kimya. Ukiongeza, wanaocheza watakosea hatua, waimbaji wasiozoea wataingia mapema, na usipopiga hesabu vizuri kiitikio chako kitasikika kama kimechelewa kwa bahati mbaya.

Ushauri wangu ni kwamba anza kwa kumega. Nenda kwenye kuongeza pale tu ambapo maneno yenyewe yanadai mshtuko, kwa mfano mstari wa mwisho wa daraja unapouliza swali zito, na usiongeze zaidi ya mapigo mawili mpaka umewajaribia watu. Ukiongeza, pigo la mwisho kabla ya kimya liwe wazi na lenye nguvu, ili msikilizaji ajue kabisa kwamba pigo la kwanza lilistahili kuja sasa na limezuiwa. Kuongeza baada ya daraja lililofifia hakumshtui mtu yeyote.

Wimbo wetu tuliumega. Mstari "hukuja" ni wa huzuni iliyotulia na hauna swali ndani yake.

Hatua ya tatu: panga pigo la mwisho, na lisikilize neno

Kimya kikali kinaanzia kwenye pigo la mwisho lililo safi. Katika wimbo wetu, mwanzoni baa ya nane ilikuwa na mpiga ngoma anayebingirisha sneya na kupanda mpaka kwenye kiitikio, kama wapiga ngoma wengi wanavyofanya wakiona kiitikio kinakuja. Mbingirisho ule na kimya hufanya kazi ileile ya kumwambia msikilizaji kwamba kuna kitu kinakuja. Ukiweka vyote viwili kimojawapo kinakufa, na mara nyingi ni kimya. Tuliufuta. Mpiga ngoma hakufurahi siku hiyo, na namwelewa, kwa sababu ulikuwa mbingirisho mzuri.

Badala yake bendi yote ilipiga pigo moja fupi kwenye pigo la kwanza la baa ya nane, kisha ikanyamaza mapigo ya pili, ya tatu na ya nne.

Halafu likaja suala la neno. "Hukuja" lina silabi tatu, na mkazo uko kwenye "ku". Mara ya kwanza mwimbaji alipanga "ja" iangukie pamoja na bendi kwenye pigo la kwanza, kwa sababu ndiyo silabi ya mwisho na alitaka amalize pamoja na wenzake. Likasikika "huku-JA", na wimbo mzima ukawa kama unaimbwa na mtu asiyejua anachosema. Tukalisogeza. "Hu" ikaja nusu pigo kabla ya baa, "ku" ikaangukia kwenye pigo la kwanza pamoja na bendi yote, na "ja" ikabaki nusu pigo baadaye, peke yake, bendi ikiwa imeshakatika.

Silabi ile moja iliyobaki hewani ndiyo iliyoufanya mstari ule uumize. Tulikuwa tunarekebisha mkazo tu, na tukaipata bila kuitafuta. Tangu siku hiyo, kila nikipanga kusimamisha wimbo nalitamka neno la mwisho kwa sauti ya kawaida kwanza, naona mkazo uko wapi, na pigo la mwisho la bendi naliweka hapo. Kwa lugha yetu, ambayo mkazo wake karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, maana yake ni kwamba karibu kila mara utabakiwa na silabi moja nyepesi baada ya pigo. Itumie.

Upande wa vyombo, hakikisha wote wanakata kwa pamoja. Kuanza pamoja ni rahisi, kuacha pamoja ndiko kunakoshinda wengi. Mpiga besi azime uzi kwa kiganja cha mkono mmoja na vidole vya mwingine, kwa sababu ukizima upande mmoja tu nyuzi nyingine zitaendelea kuvuma. Mpiga ngoma ashike simbali kwa mkono mara tu anapoipiga, au, bora zaidi, asiiguse kabisa kwenye pigo hilo na apige kiki na sneya tu. Mpiga kinanda aondoe mguu kwenye pedali kabla ya pigo, asingoje baada yake. Kubalianeni kwamba sauti ya pigo hilo la mwisho inakatika baada ya nusu pigo, si "fupi" kwa jumla, kwa sababu kila mmoja ana "fupi" yake.

Hatua ya nne: amua nini kibaki ndani ya kimya

Kimya tupu kabisa ni kikali, na katika muziki uliotengenezwa wote kwenye kompyuta kinakaa vizuri. Lakini kwenye rekodi ya watu wanaopiga vyombo chumbani, kimya tupu kinasikika kama hitilafu. Chumba kina sauti yake, mvumo mdogo ambao hatuutambui mpaka uondoke. Kwa rekodi kama hiyo, acha sauti ya chumba iendelee chini kabisa.

Kinachobaki kinaweza pia kuwa pumzi. Mwimbaji anapovuta hewa kabla ya kiitikio, pumzi ile inamwambia msikilizaji kwamba kitu kinakuja na inampa hesabu ya lini kinakuja. Kwa kawaida tunazifuta pumzi au kuzipunguza wakati wa kusafisha sauti. Hii moja iache.

Au kinaweza kuwa neno linalotangulia. "Sasa najua" lina mkazo kwenye "ju", kwa hiyo "ju" ndiyo inayotakiwa kuangukia pigo la kwanza la kiitikio, na "Sasa na-" lazima iimbwe kabla yake, kwenye pigo la nne la baa ya nane. Hesabu basi ikawa hivi: bendi inakata baada ya pigo la kwanza, "ja" inaisha pale pigo la pili linapoanza, mapigo ya pili na ya tatu hayana kitu isipokuwa pumzi mwishoni, na kwenye pigo la nne sauti ya mwimbaji inaingia peke yake, "Sasa na-", bendi nzima inaangukia kwenye "ju". Kimya chenyewe ni mapigo mawili, sekunde 1.25. Kutoka baa nzima iliyomfanya mwimbaji aulize kama faili limeisha, tulibakiza nusu yake tu.

Hatua ya tano: fukuza mikia

Sasa uko mbele ya kompyuta. Umekata vipande vyote mahali pamoja, unabonyeza kucheza, na kimya hakipo. Kuna ukungu. Huu ni mwangwi wa ukumbi uliouweka kwenye sauti, dilei kwenye gita, na mkia wa besi. Umefuta sauti zenyewe, ila athari zake zinaendelea.

Mwangwi wa sauti ya mwimbaji wetu ulikuwa umewekwa sekunde 2.2. Namba hiyo kwenye programu nyingi ni muda ambao mwangwi unachukua kushuka desibeli 60. Kimya chetu ni sekunde 1.25, kwa hiyo mpaka "Sasa" inaingia mwangwi wa "ja" ulikuwa umeshuka desibeli 34 hivi tu. Kwenye spika za chumba huenda usiugundue, lakini ukivaa hedifoni unausikia waziwazi.

Usikimbilie kushusha sauti ya wimbo mzima kwenye treki kuu. Inafanya kazi kwa haraka, ila inakata pia "ja" na pumzi unayotaka kuibakiza, na kama una dilei inayojirudia mara nyingi, marudio yake yanaendelea kuzunguka nyuma ya pazia na yanaweza kuchomoza tena ukifungua. Fanya hivi: nenda kwenye treki ya mwangwi na ya dilei, andika otomesheni inayozishusha hadi zisisikike kabisa pale bendi inapokata, na wakati huohuo zima marudio ya dilei yenyewe na kinachotumwa kwenda kwenye treki hizo kutoka kwenye vyombo, ili kusiwe na kitu kinachozunguka wala kitu kipya kinachoingia humo. Zifungue tena milisekunde chache kabla ya kiitikio.

Neno la mwisho lihamishie kwenye treki yake. Sisi tuliikata "hukuja" tukaiweka peke yake na mwangwi mfupi wa sekunde 0.4. Kwa hiyo "ja" haikukatika kikatili, ilikufa haraka kama mtu aliyezungumza kwenye chumba kidogo, na baada yake kukawa na kimya cha kweli.

Kila unapokata sauti, weka mshuko mfupi wa milisekunde 5 hadi 10 mwishoni mwa kipande. Ukikata wimbi la sauti katikati bila mshuko, utasikia mlio mdogo, "tk", na ndani ya kimya mlio huo mdogo unasikika kama kofi. Kwa besi nzito nenda hadi milisekunde 20, kwa sababu mawimbi yake ni marefu.

Kisha vaa hedifoni, pandisha sauti, na usikilize kile kimya peke yake. Hapa ndipo vitu vilivyojificha chini ya muziki hujitokeza: mvumo wa amplifaya ya gita, nyuzi za chini ya sneya zinazotetemeka, kiti kinacholia. Mimi niliwahi kufika hapa mwimbaji akiwa ameshaondoka, nikasikia "ti, ti" ya kliki iliyovuja kutoka kwenye hedifoni zake na kuingia kwenye maiki, palepale kwenye pumzi niliyotaka kuibakiza. Pumzi haikuokoka. Sasa, wakati wa kurekodi sehemu hiyo, nampa mwimbaji hedifoni zinazoziba masikio, nashusha kliki hadi pale anapoisikia kwa shida, na naomba arudie mstari huo mara tatu au nne hata kama wa kwanza ulikuwa mzuri.

Hatua ya sita: kiitikio kirudi kikiwa na cha kurudisha

Kimya hakiongezi sauti ya kiitikio hata kwa desibeli moja. Kinachoongezeka ni tofauti, na ukiwa umeshaibana miksi yako mpaka daraja na kiitikio vina ukubwa uleule, tofauti hiyo inakuwa ndogo. Badala ya kupandisha kiitikio, shusha baa nane za daraja kwa desibeli moja au mbili. Hakuna atakayesema daraja limepungua, ila kila mtu atasikia kiitikio kimekua.

Kinachosaidia zaidi ni kulinyima daraja kitu kimoja ambacho kiitikio kitakirudisha. Sisi tuliondoa besi ya chini kabisa kwenye baa nne za mwisho za daraja. Iliporudi kwenye "ju" pamoja na kiki, sikio lilikuwa limeisahau. Ningechagua besi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mwili ndio unaoihisi.

Angalia pia kompresa iliyoko kwenye miksi nzima. Wakati wa kimya haina cha kubana, kwa hiyo inaachia kabisa. Kiki ya kwanza ya kiitikio inapoingia, kompresa inachukua milisekunde chache kabla ya kuibana, na pigo lile la kwanza linapita likiwa kubwa kuliko mengine yote. Mara nyingi hiyo ni zawadi, iache. Ila ukisikia pigo la kwanza linachanika, au limita ya mwisho inaonyesha kushuka kwa desibeli nyingi pale tu na si kwingine, shusha kiki na besi za pigo hilo moja kwa desibeli moja au moja na nusu kwa mkono.

Kujua kama imefanya kazi

Wewe umesikiliza sehemu hii mara sitini, na kimya hakiwezi tena kukushangaza. Mtafute mtu ambaye hajausikia wimbo, mchezee tangu mwanzo, na umwombe agonge meza kidogo kwa kidole akifuata mdundo. Usimwambie kuna nini mbele. Usimwanzishie kwenye sekunde kumi kabla ya kimya, kwa sababu hatakuwa na hesabu ya kuendeleza.

Kitazame kidole. Kama kinaendelea kugonga ndani ya kimya, au kinabaki juu kikisubiri, na kinashuka sawasawa na kiitikio, urefu ni sahihi. Kama kinaacha na mkono unalala mezani, kimya ni kirefu mno au daraja halikuwa na mdundo wa kutosha. Kama kinashuka mapema na kukuta hakuna kitu, basi umeongeza muda. Ikiwa ulikusudia, mtazame uso, na ikiwa hukukusudia, rudi uhesabu baa zako, huenda kipande kimesogea. Na kama anakutazama wewe, au anaitazama kompyuta, punguza nusu.

Wimbo huohuo usiupe vituo viwili vya aina hii. Kama ulisimamisha muziki pia kabla ya kiitikio cha pili, cha mwisho kitakuwa kimeshajulikana. Tulikuwa na kituo kifupi cha pigo moja kabla ya kiitikio cha pili na nilikipenda, lakini tulikijaza na hai-hati ili kile cha mwisho kiwe peke yake.

Mkiupiga mbele ya watu

Jukwaani hakuna otomesheni, kuna mikono na macho. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuhesabu, kwa kawaida mpiga ngoma, naye ahesabu kwa mwili, kwa kichwa au bega, wala si kwa vijiti au hai-hati. Wengine wamtazame yeye ndani ya kimya. Mtu wa mitambo naye aambiwe mapema, ashushe mwangwi wa sauti kabla ya mstari wa mwisho wa daraja, la sivyo kazi yote ya hatua ya tano inapotea kwenye spika za ukumbi. Ukumbi wenyewe kama unavuma sana, fupisheni pigo la mwisho zaidi, kwa sababu mvumo wa kuta hamna pa kuuzima.

Watazamaji watapiga kelele au makofi ndani ya kimya, hasa wakiwa wameupenda wimbo. Msiwangoje. Mkingoja, hesabu ya wale wanaocheza inakufa, na kiitikio kitawakuta wamesimama.

Waimbaji wa kwaya wanaijua hatari nyingine. Karibu na mwisho wa "Haleluya" ya Handel, katika Messiah aliyoitunga mwaka 1741, kwaya na vyombo husimama ghafla kabla ya "Haleluya" ya mwisho inayoimbwa polepole, na kwaya nyingi duniani zina hadithi ya mtu aliyeingia peke yake kwenye kimya kile. Dawa yake ni kukifanyia kimya mazoezi kama mnavyoifanyia sauti. Chukueni baa mbili kabla na baa mbili baada, mpige kipande hicho tu mara kumi mfululizo, na katika zile mara za mwisho anayehesabu afumbe macho na kuacha kuongoza. Mkiangukia pamoja kwenye "ju" bila yeye, mko tayari.